Mujomba asisikie habari ya uchumba sokoni



Leo hatutaongea juu ya mushahara wala juu ya kontra. Tutaongea juu ya jambo linalotufikia mara nyingi sana katika ofisi ya sindika, hata kama haliandikwi katika karatasi yoyote ya kampuni. Kijana anakuja kuomba siku za konje, analia karibu na machozi, anasema: "Delege, bazee banakataa kuya." Tunamuuliza sababu, na kila mara tunakuta jambo lile lile. Habari ya uchumba wake ilitembea kwenye simu kabla haijafika kwa wale waliopaswa kuisikia kwanza.

Sisi hatuko adui wa simu. Kama watu wa mugodi, tunaishi mbali na kwetu. Mumoja anafanya kazi Kolwezi, baba yake yuko Likasi, nkambo yuko kijijini, dada ameolewa Lubumbashi, na ndugu mwingine ako Kamina. Zamani mutu alipanda gari ao treni kwenda kusema habari kwa kinywa chake. Siku ya leo hana hata nafasi ya kufanya vile. Kwa hiyo habari ya uchumba itapita kwenye simu, tupende tusipende. Neno letu ni moja tu: ujumbe wa simu uko na mulango wa kuingilia, na mulango ule ni wazee. Ujumbe unaoruka mulango, hata ukiandikwa muzuri namna gani, unaharibu.

Tuanze na sheria, sababu ndiyo inayotufanya tutumie simu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inampa mufanya kazi siku 2 za kazi akioa ao akiolewa, na siku 1 akiozesha mutoto wake. Uchumba haumo katika ile orodha. Hakuna hata siku moja ambayo sheria inakupa kwa kwenda kuwaambia wazee kama umepata mutu. Konje ya mwaka nayo, kwa kipimo cha chini cha sheria, ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi uliofanya, kwa hiyo siku 12 kwa mwaka muzima, na wengi wetu tunaziweka kwa ajili ya ugonjwa wa nyumbani na shamba la wazazi. Mutu akizimaliza kwenye safari ya kutangaza, atatoa wapi siku za kwenda kupeleka mali? Ndiyo maana tunasema: piga simu, tuma vokale, andika ujumbe, hakuna ubaya. Lakini fuata mustari.

Tuwaeleze kilichotokea kwa kijana mumoja tunayemufahamu, shofere wa gari kubwa za kubeba mawe. Jina lake hatutalitaja, na yeye mwenyewe alitukubalia tueleze, ili wengine wafunguke macho.

Baba yake ni Muluba wa Katanga, mupensheni, anakaa Likasi. Mama yake ni Musanga, na kaka mukubwa wa mama, maana yake mujomba, anakaa kijijini upande wa Mwadingusha, mbali na barabara. Bibi-arusi wake mutarajiwa anakaa Kolwezi, na baba yake musichana ni mutu wa Kasai. Siku moja ya jumamosi, kijana alitoka zamu ya usiku saa kumi na mbili ya asubuhi. Usiku ule, wakati wa kupumzika, musichana alikuwa amemuandikia kwamba anakubali. Furaha ikamujaa. Akiwa bado ndani ya basi ya wafanya kazi, akachukua foto ya mukono wa musichana na pete, akaiweka katika gurupe ya Watsap ya familia na maneno haya: "Alisema ndiyo! Tayarisheni nguo." Halafu akaiweka na kwenye statit yake. Kisha akalala.

Alipoamuka saa nane ya muchana, alikuta pongezi nyingi mpaka simu ilikuwa ya moto. Binamu zake walikuwa wameshatuma ile foto kwa gurupe zingine. Shangazi mumoja alikuwa ameshauliza rangi ya kitenge. Lakini baba yake hakuandika kitu. Alikuwa ndani ya gurupe, alikuwa amefungua, alama mbili za bule zilionekana, na alinyamaza. Kijana akafikiri: baba amefurahi, yeye si mutu wa kuandika.

Mujomba hakuwa ndani ya gurupe. Simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo, na inashika rezo tu akipanda mulima wa nyuma ya shule. Siku ya jumatatu, mwanamuke mumoja wa kijiji, aliyetoka kuuza samaki Likasi, alimukuta njiani na kumupigia vigelegele: "Yomba, tunasikia mwipwa wenu anaoa!" Yule muzee akajibu: "Ndiyo, ndiyo," sababu hakutaka kuonekana kama hajui. Akaenda nyumbani, akakaa kimya. Yeye ndiye aliyetupa maneno haya nyuma, tulipoenda kumuona: "Ile siku banifanya mugeni mu nyumba yangu."

Mwezi uliofuata, baba mudogo na watu watatu walienda kwa familia ya musichana kujitambulisha. Walipokewa muzuri. Baba wa musichana akawahesabu kwa macho, halafu akauliza swali moja tu: "Upande wa mama yake kijana, ni nani anasimama hapa?" Hakuna aliyejibu. Mujomba alikuwa ameitwa, naye alijibu kwa ujumbe mufupi: "Kama mulianza bila miye, mumalize bila miye." Baba wa musichana hakukasirika. Alisema tu: "Basi, murudie nyumbani, mutengeneze kwenu kwanza. Mutoto wetu hatakimbia." Watu wakanywa soda zao, wakarudi.

Kijana alipoteza konje yake na pesa ya usafiri ya watu wanne, na mambo yakasimama miezi miwili.

Namna gani ilitengenezwa? Baba mukubwa, yaani kaka mukubwa wa baba yake, alienda na kijana mwenyewe mpaka kijijini. Walibeba mbuzi mumoja, sukari, chumvi, na kitenge cha bibi ya mujomba. Ile haikuwa mali ya ndoa. Ilikuwa ya kusema tulikosa. Mujomba aliwaacha wakae, akaita wadogo zake wawili wawe washahidi, akasikiliza. Halafu akauliza maswali mawili tu: "Musichana ni wa nani?" na "Mama yake ni wa kabila gani, wa ukoo gani?" Walipojibu, akasema: "Haina shida. Nitakuya." Dakika kumi, labda haikufika. Zile dakika kumi zingefanyika kwa simu, kijana akiwa kazini na mujomba juu ya mulima wake, kabla foto haijatoka.

Sasa tunafika kwenye kiini. Vijana wengi wanatuambia kwamba wazee wanataka kusikia kwanza kwa sababu ya kiburi, ao kwa sababu ya kuku na bia. Hatukatai, wako wazee wa namna ile. Tunawajua. Lakini muangalie tena yale maswali mawili ya mujomba. Hakuuliza pesa. Aliuliza ukoo.

Kwa Wasanga, Walamba na Wabemba, mutoto anahesabiwa katika ukoo wa mama. Watu wawili wanaweza kutoka miji tofauti, kuwa na majina yasiyofanana, baba mumoja akawa Muluba na mwingine wa Kasai, na hata hivyo wakawa wa ukoo mumoja kwa upande wa mama. Nani analijua lile? Kijana aliyezaliwa kambini Kolwezi halijui. Baba yake halijui. Mujomba analijua. Kwa Waluba wa Katanga, kwa Waluba wa Kasai na kwa Wasongye, mutoto ni wa upande wa baba, na pale mwenye kujua ni baba mukubwa ao nkambo. Kwa hiyo kumuambia muzee kwanza ni kumupa nafasi ya kuuliza wakati swali bado ni swali. Habari ikishatoka kwenye gurupe na pongezi themanini, muzee akiuliza "Ni wa ukoo gani?", watu wanasikia: "Anakataa." Swali lake limegeuka tusi. Kwa hiyo atachagua kunyamaza, na kunyamaza kwa muzee ndiko tulikokuona kwa baba wa yule kijana.

Wengine watatuuliza: basi wazee ndio wanaoamua? Hapana. Sheria ya familia, ile ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987 iliyotengenezwa upya mwaka 2016, inasema wazi: uchumba ni ahadi ya kuoana, haumulazimishi mutu kuoa, na kila mumoja wa wale wawili lazima akubali mwenyewe. Muzee hawezi kukubali mahali pa musichana, wala kumukatalia kwa nguvu. Lakini sheria hiyo hiyo inataka mume na familia yake wapatane na wazazi wa musichana juu ya mali, na ndoa haifungwi kama hata sehemu ya mali haijatolewa. Na nani atakaa kwenye kiti kile cha kupatana? Si kijana, si rafiki zake wa kazini. Ni wale wazee. Ukiwavunja heshima kwenye simu, utawakosa kwenye kiti.

Tuseme sasa namna inavyofanyika muzuri. Tutatumia mufano wa ile familia ile ile, sababu mwaka uliofuata dada mudogo wa yule shofere alipata muchumba, na safari hii walifanya kila kitu kwa simu, toka siku ya tatu mpaka jumamosi, na hakuna mutu aliyekasirika.

Siku ya tatu usiku, musichana hakumupigia baba yake. Mutoto mwanamuke haambii baba yake moja kwa moja habari ya mwanaume. Alimupigia shangazi, yule tunayemuita tata mwanamuke, dada ya baba. Hakutuma vokale, hakuandika. Alipiga simu, na akaanza kwa kuuliza: "Tata mwanamuke, muko na nafasi ya kunisikiliza, ao nipige nyuma?" Swali lile liko na kazi. Muzee anaweza kuwa sokoni, ao kwenye kilio, ao na wageni. Habari ya uchumba haisikilizwi na masikio ya watu wengine kwanza. Shangazi akasema apige saa mbili ya usiku. Alipiga saa mbili. Akasema jina la kijana, mahali anapofanya kazi, baba yake ni nani, mama yake ni wa wapi. Hakusema "mume wangu." Akasema: "Kuko kijana anaomba kuya kwetu."

Usiku ule ule shangazi akamuambia mama, na mama akamuambia baba. Siku ya ine asubuhi baba mwenyewe akamupigia kaka yake mukubwa, halafu mudogo wake. Muone mustari: mukubwa kwanza, mudogo nyuma. Ukigeuza, mudogo anampongeza mukubwa kabla mukubwa hajajua, na pale moto unawaka.

Ikabaki mujomba wa Mwadingusha, na rezo yake ya mulimani. Mama alijua siku ya soko ya kijiji kile, sababu siku ile watu wengi wanapita karibu na barabara, na simu ya mwenye duka inashika muzuri. Siku ya ine ilikuwa soko. Mama akamutumia mwenye duka inite kidogo, akamuomba: "Niitie kaka yangu, umuambie ni habari ya nyumbani, haina ya kifo." Hata hili ni la kukumbuka. Muzee akiitwa simu ghafla, wazo lake la kwanza ni musiba. Mumuambie mara moja kwamba hakuna mutu aliyekufa. Na mwenye duka hakuambiwa kitu kingine. Alikuwa njia, hakuwa masikio.

Mujomba alipofika, mama alisema habari, halafu akamupatia simu mutoto mwenyewe, aliyekuwa ameungwa kwenye mazungumuzo. Maneno ya musichana tuliyaandika, sababu yalitupendeza: "Yomba, jambo yenu. Ni miye mwipwa wenu wa Likasi. Kuko kijana, familia yake inataka kuya kuona wazee. Sijasema kwa batu. Ninataka mwenye musikie mbele. Kama muko na neno, muniambie." Mujomba akauliza maswali yake mawili. Akajibiwa. Akasema: "Muache nilale na hiyo maneno. Kesho nitatuma jibu."

Hapo ndipo vijana wengi wanakosa uvumilivu. Muzee akisema "nitalala nayo," maana yake anataka kuuliza mutu mwingine, labda mudogo wake, labda nkambo mwanamuke anayejua majina ya zamani. Mumuache alale. Siku ya tano muchana mujomba alipanda mulima, akapiga mwenyewe: "Bakuye. Lakini baniambie tarehe mbele." Sasa pale unajua kwamba muzee amesikia kweli. Hili ni jambo tunataka mulishike: alama mbili za bule si jibu. Simu ya muzee mara nyingi iko kwa mujukuu, na ni mujukuu aliyefungua. "Sawa" peke yake nayo si jibu, inaweza kuwa ya adabu tu. Muzee aliyepokea habari anauliza kitu ao anaagiza kitu. Akiuliza jina la baba wa kijana, amepokea. Akisema "baniambie tarehe," amepokea. Akinyamaza siku mbili, usitume ujumbe wa pili. Tafuta mutu wa kumufikia.

Kwa wakati ule ule, upande wa kijana nao walikuwa wanafanya kazi yao. Hili tulijifunza kwa gharama. Uchumba uko na familia mbili, na familia zetu za migodi zinakaa kambi moja, zinasali kanisa moja, zinachota maji robine moja. Ukitangaza kwenu saa kumi na mbili, saa moja shangazi wa upande wa pili amesikia kutoka kwa jirani. Kwa hiyo wale wawili walipatana saa: jumamosi saa moja ya jioni, pande zote mbili pamoja, na si mbele. Siku ya tano usiku waliulizana: "Kwenu imeisha?" Upande wa kijana walikuwa wamebakiza baba mudogo mumoja, aliyekuwa chini ya ardhi zamu ya usiku, simu imezimwa. Walimungojea atoke asubuhi. Kama hangepatikana, wangesogeza mpaka jumapili. Pete haiozi kwa siku moja.

Jumamosi saa moja, ujumbe ukatoka kwenye gurupe. Na hakuuandika musichana. Uliandikwa na kutiwa sahihi na baba mukubwa, kupitia mukono wa mutoto wake. Tunauweka hapa kama ulivyokuwa, bila majina:

"Jambo yenu wote wa familia, wakubwa kwa wadogo. Wazee wa upande wa baba na yomba wa upande wa mama wamepata habari na wamekaa pamoja. Mutoto wetu wa Likasi amepata muchumba. Familia ya kijana itakuja kujitambulisha. Siku tutawajulisha. Tunaomba musiweke foto kwenye statit na musipeleke ujumbe huu inje ya familia mpaka wafike. Mwenye neno aje kwa miye, asiandike hapa. Mungu awabariki. Ni miye, baba mukubwa."

Muangalie yaliyomo, na yasiyomo. Mustari wa pili unasema nani amesikia, pande mbili, kwa hiyo hakuna anayeuliza "Na yomba anajua?" Ujumbe hautaji hesabu ya mali, hata kwa kuchekesha. Ukiandika kiasi kwenye gurupe, upande wa pili utakisoma, na mazungumuzo yameisha kabla ya kuanza. Hautaji tarehe, sababu tarehe inatoka kwa wenye nyumba, si kwa wageni. Haumuiti kijana "shemeki," kwa kuwa mali bado. Na unaonyesha mulango kwa mwenye kinyongo: aje kwa baba mukubwa. Ukikosa kuandika lile, mutu mumoja ataandika kwenye gurupe "Mbona mimi sikuambiwa?", na watu sitini watasoma.

Vokale nayo? Iko muzuri kwa muzee asiyesoma, lakini iko na hatari yake. Vokale inasikika na wote walio chumbani, na inatumwa mbele kwa kidole kimoja, na sauti yako inakwenda mahali usipojua. Tunashauri itumike kwa kushukuru tu, baada ya muzee kusikia kwa simu. Ile foto ya pete, iwe ya mwisho kabisa, siku familia zimeonana.

Kuna kesi zinazoleta ugumu, na tusizifiche. Baba akiwa amekufa, tafuta nani aliketi mahali pake, si nani unayempenda. Wazazi wakiwa wameachana na hawasemeshani, upigie kila upande peke yake, siku moja, na usimutume mumoja kwa mwingine. Muzee akiomba pesa ili asikilize, mumutume muzee mwingine wa kiwango chake amusemeshe. Mutoto hashindani na muzee kwenye simu. Na muzee akikataa kwa sababu ya kabila tu, na nyinyi mumepatana, heshima yenu mumeitimiza: amesikia kwanza, amesema neno lake, na wazee wengine watapima. Kumuheshimu hakutaki kusema ndiyo kwa kila kitu.

Kwa nyinyi wazee nasi tuko na neno. Mutoto anayewapigia simu kutoka Kolwezi saa mbili ya usiku ametoka kazini amechoka, na amewatafuta mbele ya rafiki zake wote. Musimuambie, "Kwa nini haukuja mwenyewe?" Hana siku. Sheria haikumupa. Jibuni haraka, ulizeni maswali yenu, musiingize mambo ya kuku ndani ya simu ya kwanza. Muzee anayechukua wiki tatu kujibu anawafundisha vijana kuruka mulango.

Yule shofere ameshaoa. Mujomba alisimama upande wa mama siku ile, na ndiye aliyeongea mwisho. Tulipomuuliza kijana angebadilisha kitu gani, alisema: "Ningelala tu ndani ya basi, simu mu mufuko."

Ndugu mulio na zamu ya usiku, kazi njema, na murudi wazima.